Uzoefu wangu: Google Sheets na picha za mita ya maji, hapa Mbeya

Kama bili inakushangaza, jedwali la Google Sheets kwenye simu linatosha kujua maji yanakwenda wapi. Nalipatia nne kwa tano. Nimekata moja kwa sababu tarakimu unaziingiza mwenyewe kutoka kwenye picha, na hapo ndipo watu wengi huharibu hesabu.

Safu A ni tarehe na saa ya picha, safu B ni usomaji. Tarakimu nyeusi ni uniti, kila moja lita 1,000. Nyekundu ni sehemu ya uniti, kwa hiyo ziandike baada ya nukta. Fomula ya lita kwa siku:

```
=(B3-B2)*1000/(A3-A2)
```

Asubuhi za Juni na Julai kioo cha mita hushika ukungu, kifute kwanza. Tarakimu ikisimama katikati ya 8 na 9, tazama iliyo kulia kwake: kama ni 9, bado ni 8, kama ni 0, imeshakuwa 9.

Chukua nyumba yenye bili hii: 1412 tarehe 3 Juni, 1434 tarehe 7 Julai. Uniti 22 ukigawa kwa siku 34 unapata lita 647 kwa siku. Usigawe kwa 30 eti kwa kuwa bili ni ya mwezi. Ungepata 733 na kuanza kumlaumu msoma mita bure. Picha za siku tatu zikatoa 1436.285 na 1438.300, yaani lita 672 kwa siku. Bili ni sahihi, lakini je, maji yote hayo yanatumika?

Hilo linajibiwa usiku. Subiri simtanki lijae, funga bomba zote, piga picha saa nne na nusu usiku na nyingine saa kumi na moja alfajiri. Hapa ilikuwa 1438.912, kisha 1438.990: lita 78 kwa saa sita na nusu, sawa na 12 kwa saa, au 288 kwa siku. Zaidi ya theluthi moja ya maji ya nyumba hii inapotea.

Sasa funga koki ya kutokea kwenye simtanki. Kigurudumu kidogo cha mita kikiendelea kuzunguka, tatizo ni bomba la kutoka kwenye mita au boya la tangi. Ukiona bomba la kufurikia linadondosha, ni boya. Kikisimama, kama ilivyokuwa hapa, maji yanapotelea ndani, na mshukiwa wa kwanza ni choo. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashi na usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, badilisha mpira wa chini.

Jaribio hili usilifanye siku maji yanaporudi baada ya mgao. Hewa iliyo kwenye bomba huzungusha mita pia.