Uzoefu wangu: mbegu za mwarobaini kwenye kabichi, na maji yetu ya Dodoma

Nalima kabichi na chainizi kwenye bustani ndogo pembeni mwa korongo, huku Chamwino, na nanyweshea maji ya kisima kirefu. Kwa misimu kadhaa sasa dawa yangu kuu ya viwavi ni mbegu za mwarobaini ninazotwanga mwenyewe. Kwa kabichi naipa nyota nne kati ya tano. Kwa nyanya naipa mbili. Majani ya mwarobaini, ambayo ndiyo watu wengi huanza nayo kwa kuwa mti uko mlangoni, nayapa moja.

Nianze na hayo majani, maana yamewavunja moyo wakulima wengi hapa. Kitu kinachofanya kazi kwenye mwarobaini kinaitwa azadiraktini, na sehemu kubwa imo kwenye kiini cha mbegu, ule mweupe uliofichwa ndani ya ganda gumu. Kwenye majani kipo kidogo tu. Jirani yangu alikuwa anachemsha sufuria zima la majani mpaka maji yanakuwa ya kahawia, anapoza, ananyunyizia, na viwavi wanaendelea kula. Kuchemsha kunaiharibu hata hiyo kidogo iliyokuwamo. Uchungu unabaki, harufu inabaki, ila nguvu imekwenda.

Halafu inafaa kuelewa azadiraktini inafanya nini, vinginevyo utaitupa siku ya pili ukidhani haifai. Haimuui mdudu papo hapo. Kwanza inamkatisha hamu ya kula. Mwaka 1959 mtafiti wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, aliona kule Sudan nzige wakimaliza kila jani ila miarobaini, na tafiti nyingi za mti huu zilianzia hapo. Pili, inavuruga homoni zinazomfanya kiwavi ajivue ngozi ili akue. Kiwavi mdogo aliyekula jani lenye dawa anabaki hai siku mbili, tatu, amepooza, hali chakula cha maana, kisha anafia ndani ya ngozi yake ya zamani aliyoshindwa kuitoka. Kiwavi mkubwa aliyekaribia kuwa buu anaweza kuponyoka. Ndiyo maana dawa hii ni ya mkulima anayekagua kabichi zake mara kwa mara na kuwahi viwavi wakiwa wadogo. Ukisubiri mpaka majani yawe chekecheke, umechelewa.

Maandalizi yangu ni haya. Matunda yakigeuka manjano na kuanza kuanguka, naokota yaliyo safi, natoa nyama yake kwa maji siku hiyohiyo, kisha naanika mbegu kivulini kwenye mkeka mpaka ukizitikisa zinagonga ndani ya ganda. Juani hapana. Nahifadhi kwenye kikapu au gunia linalopitisha hewa, na situmii mbegu zilizopita mwaka. Mbegu zenye ukungu natupa zote bila kuchambua. Mkoa wetu na Manyara tuliona mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi ilivyoua watu. Mbegu za mwarobaini zilizokaa na unyevu nazo huota kuvu wa aina hiyo, na kuzitwanga ni kuivuta vumbi yake puani.

Bomba langu la mgongoni ni la lita 15. Kipimo ni gramu 50 za viini kwa lita moja ya maji, kwa hiyo bomba moja linataka gramu 750 za viini. Ukipima mbegu zikiwa na maganda, chukua kama kilo moja na nusu, kwa sababu ganda ni karibu nusu ya uzito. Natwanga kwenye kinu ambacho hakiingii jikoni kabisa, nikiwa nimefunga pua na mdomo. Natwanga hadi iwe kama unga wa mchele uliovunjika, sipondi mpaka mafuta yatoke, maana ikishakuwa tope la mafuta inaziba kitambaa na baadaye inaziba pua ya bomba. Naloweka jioni kwenye ndoo yenye mfuniko, inakaa usiku kucha na kutwa nzima kivulini, nakoroga mara kwa mara, kisha nachuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Nanyunyizia jioni hiyo. Mchanganyiko uliolala siku mbili unachacha, usiutegemee.

Sasa nije kwenye maji, ambako naona ndiko Dodoma inakotushinda bila sisi kujua. Azadiraktini inapenda maji yenye uchachu kidogo. Kwenye maji ya magadi inavunjika haraka, na visima vyetu vingi vina maji ya chumvi na magadi, yale ambayo sabuni haitoi povu na sufuria inashika ukoko mweupe. Mtu anaweza kupata mbegu nzuri, akatwanga vizuri, akapima sawasawa, halafu akaloweka kwenye maji ya kisima usiku mzima na kuipunguza nguvu dawa yake ndani ya ndoo.

Kuyajua maji yako huhitaji maabara. Loweka rosela kavu kwenye maji kidogo ya mvua upate rangi nyekundu iliyokolea. Chukua glasi ya maji ya kisima, dondoshea matone machache ya rosela. Ikibaki nyekundu au waridi, maji yanafaa. Ikigeuka zambarau iliyofifia au ikaelekea bluu na kijani, hayo ni maji ya magadi. Maji yangu ya kisima yanageuka hapohapo. Ya mvua niliyokinga kwenye simtanki yanabaki mekundu. Kwa hiyo maji ya mvua nayatunza kwa ajili ya dawa, si kwa kumwagilia. Yakiisha, nakamua ndimu kwenye ndoo ya maji ya kisima kidogokidogo, nachota kwenye glasi, najaribu na rosela, naongeza tena mpaka rangi itulie kwenye wekundu. Hayo ndiyo naloweka nayo. Nafanya hivyo kabla ya kutia unga wa mbegu, kwa sababu ukishautia maji yanachafuka na rangi haionekani tena.

Sabuni nayo inahusika hapa. Jani la kabichi lina nta, maji yanateleza juu yake, hivyo bila sabuni dawa inaishia chini. Natumia sabuni ya maji ya vyombo, vijiko vitatu vya chai kwa bomba la lita 15, naiweka mwishoni kabisa baada ya kuchuja. Kwenye maji ya chumvi sabuni ya kipande inaganda kama maziwa yaliyoharibika na kuziba pua ya bomba. Na ukizidisha sabuni, kingo za majani zinaungua, hasa kwa jua letu.

Jinsi ya kujua kama imefanya kazi: mimi huacha mistari miwili bila dawa, naipulizia maji na sabuni peke yake. Adui wangu mkuu ni wale viwavi wadogo wa kijani wa nondo wa kabichi, ambao ukiwagusa wanajipinda na kuning'inia kwenye uzi. Wanajulikana duniani kwa kuzoea sumu za dukani, na hilo ndilo lililonisukuma kuacha kubadilisha chupa kila wiki. Asubuhi baada ya kunyunyizia sihesabu maiti, kwa sababu hazipo. Naangalia majani machanga ya katikati. Kama kuna matundu mapya na kinyesi kibichi cha kijani, dawa haijashika. Siku ya tatu au ya nne tofauti huanza kuonekana: kwenye mistari yenye dawa viwavi ni wadogo, wazito, wengine wameng'ang'ania ngozi iliyopasuka nusu, na jani jipya linafunguka zima. Kwenye ile isiyo na dawa jani linaendelea kutobolewa. Narudia kila baada ya siku tano hadi saba, na mvua ikinyesha narudia mapema, kwa sababu jua na mvua vinaiondoa haraka. Nanyunyizia jua likikaribia kuzama, chini ya majani hasa. Jioni pia nyuki wamesharudi mizingani, na majirani zangu wana alizeti inayochanua na mizinga yao.

Vidukari napata nafuu kidogo tu, na naamini sabuni ndiyo inayofanya sehemu kubwa. Hao wananyonya utomvu ndani ya jani, hawatafuni uso wake.

Kwenye nyanya ndiko ninakoinyima nyota. Kantangaze, kiwavi wa nondo wa nyanya, anachimba kati ya ngozi mbili za jani na anaingia kwenye tunda, akishakuwa humo dawa hii inamfikia kwa shida. Inasaidia kupunguza wale wanaoanguliwa, basi. Mwaka ambao kantangaze ni wengi, nategemea kung'oa na kuchoma majani yaliyochimbwa, mitego ya kunasa nondo, na kiuatilifu kilichosajiliwa.

Kuna wanaoongeza majani ya mmea wa utupa au tumbaku ili ipate ukali. Mimi sichanganyi, na ningemwomba kila mwenye watoto nyumbani asichanganye. Utupa una rotenoni, ndiyo inayolewesha samaki mtoni. Ukiosha bomba lenye utupa karibu na bwawa au malambo, samaki wanakufa. Nikotini ya tumbaku inapita kwenye ngozi, na maji yake ni sumu kali kwa mtu kuliko viuatilifu vingi vya dukani. Tena tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoishambulia nyanya yenyewe. Kuitwa dawa ya asili hakuipunguzii sumu hata chembe.

Hata mwarobaini wenyewe nauheshimu. Navaa glavu, miwani na shati la mikono mirefu. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwalaza na kuwaua watoto wachanga waliopewa wanywe kama dawa, kwa hiyo sibakizi kitu kwenye chupa ya soda au ya maji, na mama mjamzito simpi kazi ya kutwanga wala kupulizia. Kabichi naziacha siku kadhaa baada ya kunyunyizia ndipo nakata, na za sokoni naziosha. Uchungu ukibaki mteja anaujua siku hiyohiyo.

Kama huna muda wa kutwanga, zipo chupa madukani. Moja niliyouziwa mjini iliandikwa mwarobaini kwa maandishi makubwa, lakini haikuwa na namba ya usajili wala kiasi cha azadiraktini, na haikubadili chochote shambani. Siku hizi nasoma mambo matatu kabla ya kulipa: namba ya usajili wa TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kiasi cha azadiraktini, na tarehe ya kuisha muda. Mafuta yaliyosafishwa sana yanaweza kuwa na azadiraktini kidogo mno. Hayo hufanya kazi kwa kumfunika mdudu na kumziba pumzi, kwa hiyo yanafaa kwa wadudu laini wanaokaa kundi, si kwa viwavi. Chupa ambayo imekaa dirishani mwa duka ikipigwa na jua la Dodoma siinunui hata kwa nusu bei.