Simu mbili, muamala mmoja: mtumaji anaona nini, mpokeaji anaona nini?

Karibuni tena. Leo mezani nina simu mbili. Hii ya kushoto inatuma, hii ya kulia inapokea, na laini zote mbili zinatumia huduma moja ya pesa za simu. Nimetuma elfu mbili kutoka kushoto kwenda kulia na meseji zimeshaingia pande zote. Tuzisome polepole, maana wengi wetu tukishaona kiasi tunafunga simu.

Meseji ya mtumaji inaanza na namba ya muamala, 8KD41Z07QX. Halafu inasema umetuma 2,000, inataja jina la mpokeaji na namba yake ya simu, tarehe na saa, ada 40, salio jipya 13,260. Sasa tugeukie ya mpokeaji. Namba ya muamala ni ileile, herufi kwa herufi. Amepokea 2,000, jina la mtumaji lipo, namba ya simu ipo, salio jipya 2,600. Ada haimo, kwa sababu aliyekatwa ni mtumaji. Na hakuna anayeona salio la mwenzake, kwa hiyo ukitaka kumtumia mtu picha ya meseji yako kama ushahidi, ziba salio kwanza.

Tukae kwenye majina, maana hapa ndipo pesa zinapopotea.

Kabla sijaweka namba ya siri, simu iliniletea jina la mpokeaji. Jina hilo limetoka kwenye usajili wa laini, si kwenye simu yangu. Huduma nyingine hulionyesha lote, nyingine hulificha nusu kwa nyota, ukaona jina la kwanza na herufi chache tu. Hata nusu hiyo inatosha kukustua ukikosea tarakimu moja. Lakini angalieni kitu hiki kwenye aplikesheni. Nikichagua mtu kutoka kwenye orodha yangu ya namba, skrini ya kwanza inaandika "Dada". Hilo nimeliandika mimi mwenyewe. Kama nilihifadhi namba vibaya, skrini itaendelea kusema "Dada" huku pesa zikielekea kwa mtu mwingine kabisa. Jina la usajili linakuja skrini inayofuata, dogo, chini ya kiasi. Hilo ndilo la kusoma. Mimi huu nauhesabu kuwa ni udhaifu wa muundo: jina lenye uzito wa ushahidi limeandikwa kwa herufi ndogo, na jina nililojitungia limeandikwa kwa herufi kubwa.

Benki katika baadhi ya nchi zimechukua njia nyingine. Kwenye nchi zinazotumia yuro, tangu Oktoba 2025, mtumaji anaandika jina la anayemlipa, kisha benki inalilinganisha na jina la mwenye akaunti kabla pesa hazijatoka. Jibu linaweza kuwa majina yanalingana, hayalingani, au yanakaribiana, na yakikaribiana unaonyeshwa jina sahihi. Uzuri wake ni kwamba kazi ya kulinganisha haiachiwi macho yako yaliyochoka.

Upande wa mpokeaji nao una mtego wake. Jina analoona ni la mwenye laini, si la mtu aliyebonyeza. Simu hii ya kushoto natumia mimi kila siku, ila laini imesajiliwa kwa jina la kaka yangu. Mpokeaji ameona jina la kaka. Kama ni mama yangu, atanipigia aulize, yameisha. Lakini kama ni mhasibu anayepokea malipo mia kwa siku, atatafuta jina langu kwenye orodha yake, hatalipata, na mimi nitaendelea kudaiwa huku meseji ya "imefanikiwa" ninayo mkononi.

Dawa ya hilo ni kumbukumbu ya malipo, na tusiichanganye na namba ya muamala. Namba ya muamala inatengenezwa na mfumo, wewe huichagui. Kumbukumbu ya malipo unaiandika wewe: namba ya ankara, namba ya mteja, namba ya chumba. Ile ya kwanza inasema pesa zilihama. Hii ya pili inasema zilihama kwa ajili ya nini.

Nimeijaribu kwa makusudi. Ankara ilikuwa 0417, nikaandika 0471. Mfumo haukulalamika hata kidogo. Kwangu ikaja meseji ya mafanikio, na kwenye orodha ya miamala ya mpokeaji zikaonekana pesa zimeingia zikiwa na 0471. Ankara 0417 ikabaki haijalipwa. Neno "imefanikiwa" linamaanisha pesa zimefika kwenye akaunti ya mpokeaji, basi. Kuna wapokeaji ambao mifumo yao huhakiki namba ya mteja kabla ya kupokea na kukuletea jina la mwenye namba hiyo. Ukiletewa jina, lisome. Usipoletewa, jua kwamba umelindwa na macho yako tu.

Jaribio la pili lilikuwa kutuma kwa mtu binafsi nikiandika maelezo "kodi ya Machi". Kwenye historia yangu yameonekana. Kwenye meseji ya mpokeaji hayamo. Kwenye huduma hii maelezo hayo ni kwa ajili yangu mwenyewe, na hakuna mahali skrini iliponiambia hivyo. Ukiwa mgeni na huduma fulani, tuma kiasi kidogo kwanza, kisha mwombe mpokeaji akusomee anachokiona. Na hata yanapofika, nafasi ni finyu: kwenye mfumo wa malipo ya haraka wa Uingereza, kumbukumbu ni herufi 18 tu. Kwa hiyo anza na namba ya ankara, maneno yafuate.

Ukituma kutoka benki kwenda kwenye simu, au mtandao mmoja kwenda mwingine, unaweza kukuta namba mbili za muamala, kila upande umetengeneza ya kwake. Hapo mtumaji akisema namba yangu ni hii na mpokeaji akasema siioni, huenda wote wawili ni wakweli. Linganisheni kiasi, saa na namba ya simu. Ukipiga simu kwa watoa huduma wako, wape namba iliyo kwenye meseji yako wewe, maana ndiyo iliyo kwenye mfumo wao.

Sasa wewe unayepokea. Meseji ya kughushi inaweza kuingia chini ya jina lilelile la huduma, kwenye mfululizo uleule wa meseji za kweli, kwa sababu jina la mtumaji wa meseji linaweza kuigwa. Kitu ambacho tapeli kwa kawaida hakijui ni salio lako. Mimi nilikuwa na 600, nimepokea 2,000, lazima isome 2,600. Ikisoma namba nyingine, au salio halipo kabisa, usitoe mzigo. Na hata ikilingana, ingia mwenyewe kwenye menyu uangalie salio, kwa sababu menyu inajibiwa na mfumo wenyewe.

Lawama yangu ya mwisho kwa aplikesheni hii: namba ya muamala kwenye risiti hainakiliki. Nimebonyeza na kushikilia, hakuna kitu. Inabidi niiandike kwa mkono, na 0 na O kwenye maandishi yake karibu zifanane. Kwenye meseji ya kawaida inanakilika vizuri, kwa hiyo hizo meseji msizifute.