Kwa nini Waze na Google Maps hukuonya ukiwa umeshapita? Nimeichambua hadi ndani

Haya jamani, karibuni tena. Leo siwaonyeshi jinsi ya kupakua Waze wala jinsi ya kubadilisha sauti, hayo mnayajua na video zake ziko tele. Leo nina jambo moja tu linaloniudhi, na kwa maoni mnayoniandikia naona haliniudhi peke yangu. Simu inalia, "gari limesimama mbele", na gari lenyewe uko nalo kwenye kioo cha nyuma. Siku nyingine unaonywa, unapunguza mwendo, unawasha taa za hatari, unafika mahali penyewe: barabara tupu, hakuna hata kokoto.

Wengi wanalaumu intaneti. Intaneti ina sehemu yake, lakini ni ndogo kuliko mnavyodhani. Tatizo kubwa liko kwenye namna ripoti inavyokusanywa na kuchujwa, na hapo ndipo nataka mkae nami, kwa sababu ukishaelewa utaitumia hii programu kwa namna nyingine kabisa.

Twende Nairobi, ile barabara ya juu, Expressway, iliyofunguliwa 2022. Ni kama kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na sehemu yake imepanda juu ya nguzo, ikakaa sawasawa juu ya Barabara ya Mombasa. Shikeni hilo, "sawasawa juu", tutalihitaji.

Chukua mfano. Ni saa moja kasoro dakika ishirini jioni. Pikapu imepasukiwa tairi kule juu, usawa wa Bellevue, upande wa kwenda uwanja wa ndege. Dereva wa kwanza anaiona. Je, anabonyeza wakati huohuo? Habonyezi. Kwanza anaikwepa, anatazama vioo, anarudi kwenye njia yake, ndipo anapopeleka kidole kwenye kitufe cha ripoti. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Akichelewa sekunde 15 tu, ameshaiacha pikapu zaidi ya mita 300 nyuma. Na Waze huweka alama pale ulipobonyezea, haijui ulichoona ulikiona wapi. Kwa hiyo alama inakaa mbele ya pikapu. Anayekuja nyuma yake anahesabiwa umbali hadi kwenye alama, na kwenye pikapu atafika mapema kuliko simu inavyomwambia. Dakika haijaisha, tahadhari imeshachelewa, na seva haijafanya kosa lolote.

Sasa ripoti ikifika inakuwaje? Hapa ndipo ninapopapenda, tazameni skrini. Waze ina mpango wake na miji, ulioanza 2014, siku hizi unaitwa Waze for Cities, ambapo ofisi za barabara hupewa ripoti hizi zikiwa data, na data hiyo huhuishwa kila dakika mbili. Maelezo ya mpangilio wake yako wazi. Nimeandika mfano wa pikapu yetu kwa kuufuata, nimeupunguza ili usomeke:

```json
{
  "type": "HAZARD",
  "subtype": "HAZARD_ON_SHOULDER_CAR_STOPPED",
  "street": "Mombasa Rd",
  "magvar": 130,
  "reliability": 5,
  "confidence": 0
}
```

Hiyo `magvar` ni uelekeo wa gari lililoripoti, kwa nyuzi. 130 ni kusini-mashariki, yaani anaelekea uwanja wa ndege. Ndiyo inayomwezesha anayetoka Mlolongo kuja mjini asisumbuliwe na pikapu iliyo upande mwingine.

`reliability` ni uaminifu wa ripoti, kuanzia 0 hadi 10. Unatokana na vitu viwili: uzoefu wa aliyeripoti ndani ya Waze, na majibu ya wanaopita baada yake. Mtu aliyejiunga jana hapewi uzito sawa na aliyeripoti kwa miaka. Halafu `confidence`, nayo ni 0 hadi 10, inaangalia wenzake wamesema nini. Pikapu yetu ina 0 kwa sababu bado hakuna aliyejibu. Ofisi inayopokea data inaweza kuamua kwamba chini ya kiwango fulani cha uaminifu haishughuliki. Kwa hiyo mtu mgeni akiripoti jambo la kweli kabisa, ripoti yake inaweza kukaa ikisubiri mtu wa pili. Na kwa barabara kufungwa, neno la dereva mmoja wa kawaida mara nyingi halitoshi, Waze inataka watu kadhaa.

Kwa nini ukali wote huo? Kwa sababu watu hudanganya. Takoma Park, Maryland, kule Marekani, mkazi mmoja alichoshwa na magari yaliyoelekezwa kwenye mtaa wake, akawa anaripoti ajali za uongo ili yaende kwingine. Habari yake iliandikwa magazetini 2016. Alijulikana, na kilichofichua ni magari yenyewe: ukisema kuna ajali na simu za wanaopita hapo zinaonyesha wanakwenda mwendo wao wa kawaida, mfumo unaona uongo. Ni chujio zuri sana. Simu yako ikiwa na ramani wazi inatuma mwendo wako hata usipogusa kitu.

Lakini tazama linavyoiumiza pikapu yetu. Imesimama pembeni, magari yanaipita yakiwa na kasi ileile. Kwa mwendo peke yake, seva haioni tatizo lolote. Ajali iliyoziba njia mbili inajithibitisha yenyewe kwa foleni. Gari lililosimama, tairi la lori lililoanguka, ng'ombe, shimo, hivi vinategemea kidole cha binadamu tu. Ndiyo maana nasema tahadhari ya foleni iamini haraka, tahadhari ya kitu barabarani ipime.

Na tusiuonee mfumo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State walichapisha 2018 kulinganisha ripoti za Waze na njia nyingine za kugundua matukio jimboni kwao, wakakuta kwa wastani Waze ilitangulia mfumo wa kupima mwendo wa magari kwa karibu dakika 10. Dakika kumi barabarani si mchezo. Kidole kikibonyeza, kinashinda mashine. Sharti kibonyeze.

Sasa lile "sawasawa juu". GPS ya simu kwenye uwazi mzuri hukosea kama mita 5 hivi kwa upande, na kwa kimo hukosea zaidi. Kwenye ramani Expressway na Barabara ya Mombasa zimelaliana. Programu inajua uko juu kwa sababu ilikufuata tangu ulipopanda, kule kwenye kituo cha ushuru. Ukiifungua ukiwa tayari uko juu, au simu ikijizima ikawaka katikati, inabaki kukisia. Rudini kwenye mfano wetu: `street` imesema nini? `Mombasa Rd`. Pikapu iko juu, ripoti imeangukia chini!

Kinachofuata kinanikera mpaka leo. Madereva wa chini wanaonywa kuhusu gari lililosimama. Wanatazama, hawaoni kitu, wanabonyeza `Not there`. Wa pili naye anabonyeza, wa tatu naye. Wote ni wakweli. Uaminifu wa ripoti unashuka, muda wake wa kuishi unafupishwa, inaondolewa. Na wale wa juu, wanaoikaribia pikapu giza likiingia, hawajaambiwa neno. Mpaka atokee mwingine kule juu, ambaye simu yake imemweka mahali sahihi, aripoti upya. Huyo ndiye utakayesikia ripoti yake, na utasema "imechelewa". Haikuchelewa, ya kwanza iliuawa.

Kwa hiyo kabla hujaripoti ukiwa juu, tupia jicho chini ya skrini ya Waze, jina la barabara huandikwa pale. Likiwa la barabara ya chini, ripoti yako itapotosha watu, iache. Afadhali zaidi, mwachie abiria simu. Na ukiwa chini ukaonywa kitu usichokiona, inua macho kwanza kabla ya kukikana.

Google Maps je? Najua mtauliza. Google iliinunua Waze 2013, na hadi leo ni programu mbili, ila ripoti nyingi za Waze utaziona pia kwenye Google Maps, na chini yake huandikwa zimetoka Waze. Google Maps iliongeza ripoti za ajali na mitego ya mwendo, kisha 2019 ikaongeza kazi za barabarani na vitu vilivyoanguka. Mwaka 2024 wakarahisisha vitufe vya kuthibitisha. Mimi kwa safari ndefu ya Mombasa bado nachukua Google Maps kwa sababu naweza kupakua ramani mapema. Lakini sikiliza: ramani iliyopakuliwa haina tahadhari za watu. Ukiingia Tsavo na mtandao ukakatika, ripoti mpya haziingii, na kimya cha simu usikisome kama barabara salama. Huko taa za lori linalotoka mbele zikikukonyeza zinakuambia mengi zaidi.

Bei? Zote bure. Unacholipa ni bando, na bando la ramani ni dogo. Pesa weka kwenye kishikio cha simu kinachokaa usawa wa macho, maana kidole kinachotafuta simu kwenye mapaja ndicho kinachoongeza zile sekunde 15. Video ya vishikio inakuja wiki ijayo, na ile ya kamera za dashibodi nimeisogeza mbele kidogo kwa sababu kuna moja bado naijaribu usiku.

Mwanzoni mwa wiki nilidhani ningewaambia mzime tahadhari za magari yaliyosimama, zinachosha. Nimebadili mawazo nikiitayarisha video hii. Ziacheni, ila jibuni. Swali la "bado ipo?" likitokea na umekiona kitu kwa macho yako, bonyeza ndiyo. Hujakiona vizuri? Usibonyeze chochote, likae lipotee lenyewe.

Walio Dar, pale Ubungo kwenye daraja la Kijazi barabara zimepandana vilevile. Niandikieni chini: ukiwa juu, simu yako inaandika jina la barabara gani?