Hailaiti za usoni kwa maski ya mwanga: hapa GIMP imenikuna

Haya, karibuni tena jamani. Leo sigusi kuinstoli, wala sipiti kila kitufe cha GIMP, maana hayo mnayajua. Nataka tushike kitu kimoja tu, na nitakuonyesha taratibu, kwa sababu nimekaa nacho wiki nzima na bado nina furaha nacho. Ni kile kisehemu kidogo ukiongeza maski kwenye leya, kilichoandikwa `Grayscale copy of layer`. Wengi wanakiruka. Mimi mwenyewe nilikiruka kwa muda mrefu.

Tazama picha hii. Dada ana nywele nyeusi zimenyooshwa, mwanga wa dirisha unamjia ubavuni, na mafungu mawili ya nywele yameanguka mbele, moja kila upande wa uso. Anataka kuona angependeza vipi mafungu hayo yakiwa na rangi ya shaba. Uso ubaki vilevile na nywele za nyuma zibaki nyeusi.

Kwanza nikuonyeshe njia mbaya, maana ndiyo naiona kila siku kwenye picha mnazonitumia. Unachukua brashi, unaweka rangi ya shaba, unafuata fungu la nywele juu hadi chini, unapunguza `Opacity`. Ona sasa. Huo ni utepe uliobandikwa juu ya nywele. Nikivuta karibu utaona sababu: rangi imeingia hata kwenye nafasi zilizo kati ya unywele na unywele, mahali ambapo palitakiwa kuwa giza. Nywele zinaonekana ni nywele kwa sababu ya lile giza la katikati. Ukilijaza rangi, umezigandisha zote zikawa kitu kimoja.

Maski ya mwanga inatibu hapo hapo. Inaipa picha yenyewe kazi ya kuamua: palipo na mwanga rangi ipite, palipo na giza rangi isipite, na pa katikati ipite nusu. Huchori unywele hata mmoja kwa mkono.

Twende. Narudufu leya ya picha. Nabofya kulia, `Add Layer Mask`, nachagua `Grayscale copy of layer`. Sasa nataka kuiona maski peke yake, nachagua `Show Layer Mask`. Angalia vizuri: uso ni mweupe mweupe, ukuta wa nyuma ni kijivu, na nywele... karibu nyeusi tupu. Wengi wanakata tamaa hapa, wanasema mbinu hii ni ya nywele za kizungu. Hapana. Subiri.

Nasogeza kifaa cha kupima rangi juu ya fungu la nywele. Kati ya nyuzi, kwenye giza, nasoma kama 15 kati ya 255. Mwili wa unywele unaopata mwanga unasoma kama 60. Pale panapong'aa panafika 110 hivi. Maana yake mwanga wa nywele hizi haukosekani, upo, ila umebanwa kwenye kipande kidogo cha chini. Kazi yetu ni kukikunjua.

Hakikisha maski ndiyo iliyochaguliwa, siyo picha. Hapa nina malalamiko na nitayasema wazi: GIMP inaonyesha ni ipi imechaguliwa kwa kamstari kembamba tu kuzunguka kile kijipicha. Kamstari! Nimeshaharibu picha ya mteja kwa sababu hiyo, nikadhani nipo kwenye maski kumbe naikoroga picha yenyewe. Bofya kijipicha cha maski kwa makusudi kila mara, usibahatishe.

Sasa `Colors`, kisha `Levels`. Kitelezi cheusi nakipeleka 20, cheupe nakileta hadi 100. Umeona? Nyuzi zimejitokeza moja moja, kama mistari iliyochorwa kwa penseli. Uso umeungua umekuwa mweupe wote, lakini usijali, tutaufunika baadaye. Kwa sasa kodolea nywele tu.

Namba zangu usizinakili. Picha yako ina mwanga wake. Pima giza la kati ya nyuzi, kitelezi cheusi kikae juu yake kidogo. Pima panapong'aa, kitelezi cheupe kikae karibu na hapo. Ni hivyo tu.

Na ukivuta hivi, kuna kitu kinaweza kukusaliti. Kama picha imepigwa gizani au imepita kwenye simu ikabanwa sana, maski yako haitakuwa na nyuzi, itakuwa kama unga umenyunyizwa, au utaona vijimraba vijimraba. Hiyo ni kelele ya picha na alama za JPEG, nazo umezikunjua pamoja na mwanga. Weka `Gaussian Blur` ya pikseli 1 kwenye maski. Ikikubali, vizuri. Ukihitaji 4 au 5 ndipo unga upotee, nyuzi nazo zimeshapotea, tafuta picha nyingine.

Kabla ya rangi, nikuulize: saluni wanawekaje shaba kwenye nywele nyeusi? Wanablichi kwanza. Ukipaka shaba juu ya nyeusi bila kublichi, juani utaona kawekundu kidogo, ndani ya nyumba huoni kitu. Kwenye picha mambo ni hayo hayo. Rangi haina pa kuonekana kama chini yake kuna giza la 30 au 40. Kwa hiyo leya hii ya kwanza ni blichi yetu. Nazima `Show Layer Mask` ili picha irudi, kisha nabadilisha `Mode` kuwa `Screen`. Pale maski ilipo nyeupe kabisa, thamani ya 110 inapanda hadi kama 173, na giza la kati ya nyuzi linabaki lilipo. Nywele zimefunguka bila kupauka. Nakuapia, hapa ndipo nilipoachia kipanya nikapiga makofi peke yangu.

Sasa narudufu leya hiyohiyo, na maski inakuja nayo, hurudii kazi. Nabofya kijipicha cha picha, siyo cha maski, naweka rangi ya mbele `b5651d`, kisha `Edit`, `Fill with FG Color`. `Mode` naiweka `LCh Color`. Hii inachukua rangi kutoka juu na kiasi cha mwanga kutoka chini, kwa hiyo vivuli vya nywele havisogei. `Opacity` nashusha hadi 70.

Mpangilio huu ushike. Ukianza na leya mpya ya shaba tupu halafu ukaomba `Grayscale copy of layer`, itakupa nakala ya kijivu ya ile shaba, yaani kijivu kimoja kuanzia kona hadi kona. Maski inanakili leya iliyopo, haiangalii picha iliyo chini. Kwenye maoni ya video iliyopita watu watatu waliuliza mbona maski yao haina kitu, jibu ndilo hilo.

Uso mzima sasa ni wa shaba, najua. Naunda kundi la leya, nazitumbukiza zote mbili ndani, nabadilisha `Mode` ya kundi iwe `Pass Through`. Kundi likibaki `Normal`, blichi yako inakufa, kwa sababu `Screen` haifiki kwenye picha ya chini, na nywele zinarudi gizani. Kisha kundi lenyewe nalipa maski nyeusi, `Black (full transparency)`, kila kitu kinatoweka. Nachukua brashi laini, rangi nyeupe, nafuata mafungu mawili ya mbele tu. Toka 2.10 ya mwaka 2018 kundi linakubali maski, na hii ndiyo inayoleta raha yote: maski ya kundi inasema wapi, maski za ndani zinasema kiasi gani. Brashi ikitereza kidogo kwenye nafasi za giza, haidhuru, za ndani zinakulinda.

Ila kwenye ngozi hazikulindi, kumbuka zimeungua nyeupe kule. Ukigusa paji la uso, paji linakuwa shaba. Punguza brashi unapofika kwenye mizizi, na anza kama upana wa kidole chini ya mzizi ukififisha. Rangi inayoanzia kwenye ngozi moja kwa moja inaonekana kama wigi.

Wale wa Photoshop najua mnanisubiri. Ndiyo, kwenu ni Ctrl+Alt+2 na mwanga umeshachaguliwa, haraka kuliko huku. Na mna `Blend If`, ambayo naipenda kwa kujaribu mambo upesi, lakini ile huwezi kuifuta kwa brashi wala kuilainisha kama maski. Na ninyi mnalipia kila mwezi, huku ni bure. Nilitaka kusema zinalingana, lakini kwa kasi hazilingani, Photoshop inashinda. Kwa kazi ya hailaiti mbili za usoni, mimi siilipii kasi hiyo.

Kabla hatujaachana, angalia hapa kwenye mng'ao. Umekuwa shaba iliyokolea, kama waya. Nywele halisi hazifanyi hivyo. Mng'ao mkali kabisa ni mwanga uliogonga juu ya unywele na kurudi bila kuingia ndani, kwa hiyo unabeba rangi ya taa au dirisha. Rangi ya nywele inatoka kwenye mwanga ulioingia ndani ukatoka tena, nao unakaa pembeni kidogo ya ule mng'ao. Basi kwenye maski ya leya ya rangi, ile ya juu tu, nafungua `Curves`, nashika ncha ya kulia kabisa naishusha hadi karibu nusu, katikati naacha juu. Ona... mng'ao umerudi weupe wake, shaba imebaki kwenye mwili wa unywele. Nazima kijicho cha kundi, nawasha. Nazima, nawasha. Hizo ni nywele.

Aliyeuliza kuhusu nywele za rangi ya dhahabu zinazotaka michirizi meusi: geuza maski kwa `Invert`, na blichi iwe `Multiply`. Nitaifanya kwa ukamilifu video ijayo, pamoja na afro, maana kwenye afro mwanga haufuati mistari na brashi ya kundi inashikwa kivingine kabisa. Niachieni picha zenu, zisiwe zimebanwa.