Antijeni au ristosetini katika ugonjwa wa von Willebrand?

Kipimo cha antijeni huonyesha wingi wa protini ya von Willebrand, inayosaidia damu kuganda, ilhali kile cha ristosetini hupima uwezo wake wa kunasa chembe sahani. Kwa uthabiti antijeni hushinda, kwani ristosetini huyumba mno viwango vinapokuwa vya chini. Kwa mtoto anayeshukiwa kuwa na aina ya tatu, ambapo protini karibu haipo kabisa, ningeiamini antijeni.

Lakini mchukue mgonjwa mwenye antijeni asilimia 60, ristosetini 18 na faktari ya nane ya kugandisha damu 55. Antijeni na faktari zingempitisha kuwa mzima, ilhali uwiano wa ristosetini kwa antijeni, 0.3, uko chini ya 0.7 na unaashiria aina ya pili, ambapo protini ipo lakini haifanyi kazi ipasavyo. Hata hivyo, badiliko la kijeni D1472H, linaloonekana zaidi kwa wenye asili ya Afrika, hushusha ristosetini bila kuongeza utokaji damu, hivyo asiye na historia ya kutokwa damu asibandikwe ugonjwa kwa uwiano huo pekee.