Nimelipia kuandikiwa wasifu wa kikazi kama afisa rasilimali watu: uzoefu wangu

Huduma niliyotumia ni ya hapa Dar es Salaam, inaendeshwa na dada mmoja na msaidizi wake, na kazi karibu yote hufanyika kwa simu na WhatsApp. Unalipa nusu mwanzoni, unajaza dodoso, unahojiwa kwa simu, unaletewa rasimu, unaruhusiwa marekebisho mawili, kisha unamalizia malipo. Jina lake silitaji kwa sababu kuna jambo moja kwenye rasimu ya kwanza halikunipendeza, na nitalieleza. Kwa ujumla nampa nyota nne kati ya tano.

Nilichotaka ni aya moja ya wasifu, ile inayokaa juu kabisa kwenye LinkedIn na kwenye ukurasa wa kwanza wa maombi ya kazi. Wasifu wangu wa zamani ulisema nina uzoefu wa kuajiri, kusimamia mahusiano kazini na kuandaa sera. Maneno hayo yako kwenye wasifu wa kila afisa rasilimali watu nchi hii, na mimi mwenyewe ninapochambua maombi huwa nayaruka. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika vyakula chenye wafanyakazi wapatao 240. Kumbukumbu za kazi yangu ninazo, ila sikujua zipi zinafaa kuonekana.

Pale kwenye mahojiano ya simu ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Tulianza na ajira. Nilimwambia yule dada mwenye huduma kwamba mwaka 2022 kujaza nafasi moja kulituchukua muda mrefu, na kufikia 2024 muda huo ulikuwa umeshuka sana. Akaniuliza, "Sawa dada, lakini saa yako inaanza kuhesabu lini na inasimama lini?" Swali hilo ndilo linalotenganisha takwimu ya kweli na ya kujipamba. Ukianza kuhesabu siku tangazo lilipotoka, unaficha wiki zote ambazo ombi lilikuwa limelala mezani kwa mhasibu likisubiri kibali. Ukisimamisha saa siku ya barua ya ajira, unaficha mwezi wa notisi ambao mtu anautumikia kwa mwajiri wake wa zamani. Kwetu ucheleweshaji mkubwa ulikuwa kwenye kibali, na ndio tulioupunguza kwa kuingiza nafasi zinazotarajiwa kwenye bajeti mapema na kutunza orodha ya akiba ya waliofaulu usaili. Kwa hiyo tukakubaliana saa ianze siku mkuu wa idara anapoleta ombi, isimame siku mwajiriwa anaporipoti kazini.

Nikarudi kwenye jedwali langu la Excel nikahesabu upya. Mwaka 2024 tulijaza nafasi 23, na wastani ulitoka siku 44. Yeye akasema wastani huo unanidhulumu, kwa sababu nafasi mbili, ya fundi wa boila na ya meneja wa ubora, zilichukua siku 150 na 160 kwa uhaba wa watu wenye sifa. Akanielekeza nitumie namba ya katikati, yaani ukizipanga siku zote kuanzia ndogo hadi kubwa, ile inayokaa katikati:

```
=MEDIAN(F2:F24)
```

Jibu likawa siku 33. Kwa mwaka 2022, nafasi 19, namba ya katikati ilikuwa 52. Sharti lake lilikuwa kwamba nikitumia namba ya katikati kwa mwaka mmoja niitumie na kwa mwingine, na zile nafasi mbili ngumu niwe tayari kuzitaja nikiulizwa. Tena akataka kujua walioajiriwa waliishia wapi, maana kujaza nafasi haraka kwa mtu atakayeondoka miezi mitatu baadaye si kazi ya kujivunia. Kati ya wale 23, 20 walithibitishwa kazini baada ya kipindi cha majaribio, wawili waliacha wenyewe, mmoja hakuthibitishwa.

Sehemu ya mahusiano kazini ndiyo iliyotuchosha, na ndipo rasimu ya kwanza ilipoharibika. Iliandikwa kwamba nilipunguza migogoro kwa asilimia 75. Hesabu yenyewe haikuwa ya uongo: mwaka 2022 mashauri manne dhidi ya kampuni yalifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwaka 2024 likafika moja. Lakini asilimia inayotokana na nne kushuka hadi moja ni namba inayomdanganya msomaji. Mwaka mmoja wa kupunguza wafanyakazi ungeweza kuleta mashauri kumi bila mimi kuwa mbaya zaidi. Na afisa yeyote aliyewahi kukaa kwenye meza ya usuluhishi akiiona hiyo asilimia 75 atauliza, ya ngapi? Nilimwandikia kwamba ninataka idadi yenyewe, nne na moja.

Rasimu hiyo pia iliacha kabisa namba ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu ilionekana mbaya. Malalamiko ya maandishi yaliyoletwa ofisini kwangu yalipanda kutoka 11 mwaka 2022 hadi 27 mwaka 2024. Yalipanda kwa sababu tulifungua daftari la malalamiko, tukaweka mtu wa kuyapokea kwenye kila zamu, ya usiku ikiwemo, na tukaahidi jibu ndani ya siku 14 za kazi. Watu waliokuwa wakinung'unika kantini wakaanza kuandika. Kiwanda kisicho na lalamiko hata moja kinaweza kuwa kiwanda ambacho watu wanaogopa, na mwajiri anayeijua kazi hii analifahamu hilo. Kinachopimika hapo ni mangapi yalifungwa kwa wakati, na kwetu yalikuwa 24 kati ya 27. Nilimweleza dada yule kwa simu, akanielewa, na kwenye rasimu ya pili namba zote mbili zilikaa pamoja.

Aliniuliza pia kwa nini mashauri ya Tume yalipungua, na swali hilo lilikuwa la haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na pia afuate utaratibu wa haki. Waajiri wengi wanashindwa kwenye utaratibu hata pale kosa lilipo wazi. Kanuni za mwaka 2007 zinataka uchunguzi ufanyike kwanza, mtuhumiwa apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kabla ya kikao, na aruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Mafaili yetu ya zamani yalikuwa na barua ya kuachishwa kazi na karibu hakuna kingine. Mwaka 2024 tulikuwa na vikao vya nidhamu tisa, na kila faili lina taarifa ya uchunguzi, hati ya mashtaka yenye sahihi ya kupokelewa, muhtasari wa kikao na barua ya haki ya kukata rufaa. Hiyo "tisa kati ya tisa" ni kazi iliyokuwa mikononi mwangu. Idadi ya mashauri inategemea pia watu wengine, akiwemo mfanyakazi mwenyewe, ambaye ana siku 30 tangu kuachishwa kazi za kupeleka shauri lake na anaweza kuamua asipeleke.

Kwenye dodoso walitaka niambatishe daftari la malalamiko kama uthibitisho. Nilikataa, nikatuma idadi tu. Taarifa za nidhamu na za afya za wafanyakazi si mali yangu ya kutembeza, na tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hakuna kisingizio. Ukiwa na shauri moja tu kwa mwaka, hata kutaja aina ya kosa kunatosha kila mtu kiwandani kujua unamsema nani. Ningependa huduma hii iliondoe ombi hilo kwenye dodoso.

Kwa upande wa sera, rasimu ya kwanza ilisema niliandaa sera sita. Sera sita kwenye kabati hazimwambii mtu kitu. Tulichagua moja, ya likizo, kwa kuwa matokeo yake yanahesabika. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, lakini kwetu watu 61 walikuwa wamelimbikiza likizo ya zaidi ya mwaka mmoja kufikia mwisho wa 2022. Sera mpya ilimtaka kila mkuu wa idara awasilishe ratiba ya likizo mwezi Januari, na likizo isiahirishwe bila maandishi. Mwisho wa 2024 waliobaki na limbikizo walikuwa 14. Sikuifanya peke yangu. Mhasibu alikokotoa deni la likizo, na viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, TUICO, waliipitia kabla haijasainiwa, kwa hiyo nilitaka kitenzi kiseme hivyo.

Aya ya mwisho ilitoka hivi:

"Afisa rasilimali watu katika kiwanda chenye wafanyakazi 240. Kati ya 2022 na 2024 nilipunguza muda wa kujaza nafasi, kuanzia ombi la idara hadi mwajiriwa kuripoti, kutoka siku 52 hadi 33 (namba ya katikati). Kati ya waajiriwa 23 wa mwaka 2024, 20 walithibitishwa kazini. Nilianzisha daftari la malalamiko: yaliyosajiliwa yalipanda kutoka 11 hadi 27, na 24 yakafungwa ndani ya siku 14 za kazi. Vikao vyote tisa vya nidhamu vya 2024 vilikuwa na mafaili kamili. Mashauri yaliyofika Tume yalikuwa manne mwaka 2022 na moja mwaka 2024. Niliongoza uandaaji wa sera ya likizo pamoja na idara ya fedha na chama cha wafanyakazi. Wenye limbikizo walipungua kutoka 61 hadi 14."

Ni ndefu kidogo kwa LinkedIn, na kwa matumizi hayo waliniandalia fupi yenye ajira na malalamiko pekee. Toleo la Kiingereza lilikuwa ndani ya bei ileile, shilingi 90,000, nalo limeandikwa vizuri. Nyota moja nimeiondoa kwa ile asilimia 75 na kwa kuomba daftari. Kama huna kumbukumbu zenye tarehe, yaani siku ombi lilipokuja, siku mtu aliporipoti, siku lalamiko lilipofungwa, subiri kwanza uzikusanye kabla ya kulipa, kwa sababu mahojiano yale ya simu yatakwama kwenye swali la kwanza. Mimi nilipoitwa kwenye usaili wa kazi nyingine, jopo lilikaa kwenye yale malalamiko 27 muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, na mwenyekiti wake akataka kujua yale matatu yasiyofungwa kwa wakati yalihusu nini. Nilimweleza kwamba yalisubiri vipimo vya kelele kwenye ukumbi wa mashine, bila kutaja jina la mtu.