Warsha ya Clapping Music, Bagamoyo: uzoefu wangu

Warsha hii ya saa tatu inafundisha kipande kimoja tu, Clapping Music cha mtunzi Steve Reich (1972), cha watu wawili wanaopiga makofi. Upande wa mikono nawapa alama za juu. Karatasi ya maelezo waliyotugawia, hapana.

Msingi ni mzunguko wa hesabu 12, makofi 8 na vimya 4:

```
K K K - K K - K - K K -
```

Wa kwanza habadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Wa pili huurudia mzunguko mara 12 pamoja naye, kisha huruka hesabu moja mbele, na huendelea hivyo mpaka, baada ya kuruka mara 12, makofi yao yalingane tena. Kosa kubwa ni lake yeye: akisharuka, huanza kuyasikia yale makofi matatu kama "moja" mpya, na hapo hupotea. "Moja" ibaki palepale ilipo kwa mwenzake. Wakufunzi walisimamia jambo hili kwa subira, wakitufanya tuhesabu kwa sauti, na lilifaa sana.

Sikio lenyewe hukagua. Baada ya kuruka mara ya kwanza hapabaki pengo hata moja, kwa kuwa kila mmoja anaponyamaza mwenzake anapiga. Mkisikia pengo moja katika kila mzunguko, kwenye hesabu ya 7, basi wa pili ameruka mbili.

Sasa karatasi. Inasema sauti "zinaachana polepole". Hiyo ni Piano Phase, kipande kingine cha Reich cha 1967, ambamo mpiga piano mmoja huongeza kasi kidogo kidogo hadi amtangulie mwenzake kwa noti moja. Huku kwenye makofi mtu huruka ghafla, hakuna kuteleza. Inasema pia mdundo "unajirudia na kumzamisha msikilizaji", maneno yanayoweza kubandikwa kwenye ngoma yoyote ya usiku kucha. Kinachojirudia ni nini, mara ngapi, na kipi kimehama? Hayo hayamo.

Mfano wa kilichopaswa kuandikwa: akiwa ameruka mara 5, wanapiga pamoja mara 6 na kunyamaza pamoja mara 2, kwenye hesabu ya 4 na ya 7. Akiruka ya 6, mapengo yote mawili yanazibwa, na makofi ya pamoja yanabaki 4, kwenye 2, 5, 8 na 11, yaani kila hesabu ya tatu. Ndiyo maana hapo katikati mdundo unasikika umenyooka ghafla, ingawa hakuna aliyebadili mpigo wake. Sentensi hizo mbili msomaji anaweza kuzihakiki kwa mikono yake.

Ukienda, beba daftari la hesabu lenye miraba: mistari miwili, miraba 12 kila mstari, na uchore kila mruko kabla ya kuupiga.